Nitachelewa Kujibu Mpaka Tarehe 25

Mtu mliyechaguana kwenye Tinder, Badoo au Bumble wiki tatu zilizopita anakufahamu kwa vitu viwili tu: maneno unayomwandikia, na muda unaopita kabla hujamwandikia. Hajawahi kukuona ukisinzia kwenye daladala saa moja usiku. Hamfahamu mwenzako wa chumbani ambaye angeweza kumwambia kwamba unasoma hadi alfajiri, na hana shangazi wala jirani wa kumuuliza habari zako. Ukikaa kimya, hakuna wa kumweleza ukimya huo una maana gani, kwa hiyo atajieleza mwenyewe, na mara nyingi atajieleza vibaya. Rafiki wa siku nyingi utampotea mwezi mzima na mkikutana mtacheka. Huyu wa wiki tatu anahitaji kuambiwa.

Mwaka 2006 mtafiti Yoram Kalman na wenzake watatu walichapisha utafiti kuhusu muda ambao watu huchukua kujibizana kwa maandishi. Walipima barua pepe za wafanyakazi wa Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika mwaka 2001, pamoja na mijadala ya wanafunzi wa chuo kikuu na huduma ya maswali na majibu ya Google. Kote kutatu mambo yalijipanga kwa namna moja. Angalau asilimia 70 ya majibu yalikuja ndani ya muda wa wastani wa watu hao, na yaliyokuja baada ya kupita mara kumi ya wastani huo hayakuzidi asilimia 4. Kwa maneno mengine, kila kundi lilikuwa na mwendo wake, na jibu lililopitiliza mwendo huo mara kumi kwa kawaida halikuja kabisa.

Waliopimwa hawakuwa wapenzi, na barua pepe ya ofisini ina taratibu zake. Hata hivyo mimi naona utafiti huo unaeleza vizuri sana kinachotokea kwenye simu zetu. Ukimya haupimwi kwa saa ya ukutani, unapimwa kwa mazoea yenu ninyi wawili. Waliozoea kujibizana kila baada ya siku mbili hawashtuki siku tano zikipita. Lakini kama mmezoea kujibizana ndani ya nusu saa, mara kumi yake ni saa tano. Mtu akiingia kwenye chumba cha mtihani saa mbili asubuhi, akatoka, akala, akalala kidogo, akaenda maktaba, jioni hiyohiyo mwenzake ameshavuka mpaka ule ambao kwa mazoea yao humaanisha kwamba jibu haliji. Hajafanya kosa lolote kuwa na wasiwasi. Ametumia kipimo pekee alichonacho.

Kazi ya ujumbe ninaouzungumzia hapa ni kumpa kipimo kingine kwa muda maalumu. Tuchukue mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho.

Binti anasoma uhasibu mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja Dar es Salaam. Kijana ni mwongoza watalii, anaishi Arusha. Wamechaguana mwezi Juni, wakahamia WhatsApp baada ya siku chache, na sasa wanajibizana mchana kutwa, kila mmoja ndani ya nusu saa hivi. UE zinaanza Jumatatu tarehe 14 Julai na zinaisha Ijumaa tarehe 25. Kwa asiyejua, katika vyuo vyetu vingi UE hubeba alama 60 katika 100, na zile 40 zimeshapatikana kwa majaribio na kazi za muhula. Akianguka somo moja kuna sapu, masomo yakizidi kuna kudisko. Hizo si wiki za kuchati.

Alhamisi jioni tarehe 10 anaandika hivi:

"Habari za jioni. Nataka nikwambie kabla sijapotea: UE zinaanza Jumatatu na zinaisha Ijumaa tarehe 25. Kuanzia kesho simu nitaishika usiku baada ya saa tatu, na kuna siku nitalala bila kuishika. Meseji zako nitazisoma na nitajibu kwa ufupi. Ukiniona niko mtandaoni usiku wa manane, ni diskasheni ya darasa. Jumamosi tarehe 26 niko huru, na nataka unimalizie ile habari ya mzee wa Karatu na punda wake. Safari njema kesho."

Jambo la kwanza la kuangalia ni siku ulipotumwa. Umetangulia ukimya. Ujumbe uleule ukitumwa Jumatano tarehe 16, baada ya kijana kuandika mara tatu bila kujibiwa, maneno yake yote yatakuwa ya kweli na bado utasomeka kama kisingizio, kwa sababu kwa siku mbili ameshajitungia maelezo yake na sasa anaambiwa ayafute. Siku tatu au nne kabla ya kuanza zinatosha. Ukitumwa wiki mbili kabla, atakuwa amesahau tarehe, au ataanza kujizuia kukuandikia wakati bado una nafasi.

Pili, una tarehe ya mwisho. Hapa ndipo ujumbe mwingi wa namna hii unapokosea. "Siku hizi nitakuwa bize kidogo, tutaongea" ni sentensi ambayo watu huitumia wakitaka kuachana na mtu bila kumwambia, na kila aliyewahi kutafuta mwenza kwenye simu ameshaipokea. Haina mwisho, kwa hiyo anayeipokea hana siku ya kuitazamia wala siku ya kukata tamaa. "Ijumaa tarehe 25" inampa vyote viwili. Ikifika Jumatatu tarehe 28 na hakuna neno, atajua kwa haki kwamba mambo yamebadilika, na hatalazimika kuuliza mara mbili.

Tatu, unasema hali ya kila siku itakuwaje: saa gani simu itashikwa, na meseji zitakazoingia zitapata nini. Hili ndilo linalobadilisha kipimo. Sasa mwendo ni jibu moja fupi usiku, na siku nyingine hakuna. Angalia pia kwamba hakuahidi kingi. Hakusema "nitakupigia kila usiku kabla ya kulala", ingawa moyo ungependa kusema hivyo. Ahadi ya simu ya kila usiku huvunjika usiku wa tatu, na ikivunjika huleta shaka kubwa kuliko ukimya ambao mtu alikuwa ameshaarifiwa. Kama unadhani utaweza kujibu kila siku, ahidi kila baada ya siku mbili.

Sentensi ya diskasheni inaweza kuonekana ya kujitetea, lakini mimi ningeiacha. Makundi ya darasa kwenye WhatsApp hayalali wakati wa UE: mitihani ya miaka iliyopita inarushwa, maswali yanajibiwa saa nane za usiku, na jina la binti litaonekana mtandaoni muda wote huo. Kijana asipoambiwa ataona mtu aliyesema simu anaishika usiku kidogo tu, naye yuko mtandaoni saa tatu mfululizo. WhatsApp inamruhusu mtu kuficha kwamba yuko mtandaoni, kuficha mara ya mwisho alipoonekana, na kuzima tiki za bluu, ambazo zilianza kutumika Novemba 2014. Ukizizima, wewe pia huoni za wenzako. Mtu ambaye siku zote amezificha hana tatizo. Lakini kuzificha ghafla katikati ya mitihani, kwa mtu mliyekwisha zoeana, kunaamsha maswali ambayo sentensi moja ingeyazima.

Kisha kuna punda wa Karatu. Hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakiwezi kutumwa kwa mtu mwingine yeyote. Wanaotumia programu hizi wanajua kwamba mtu anaweza kuwa anazungumza na watano kwa wakati mmoja, na ujumbe wa "nina mitihani" unaweza kuwa umenakiliwa kwa wote watano. Jambo mlilolianza wawili na halijaisha linaonyesha kwamba huyu mmoja anakumbukwa, na linaacha mahali pa kuanzia siku ya kurudi. Halihitaji kuwa la kimahaba. Habari ambayo haijamalizika inatosha, au swali ambalo mmoja aliahidi kulijibu.

Nini hakimo? Hakuna samahani tatu mfululizo, wala "naomba unielewe", wala "kama huwezi kusubiri basi". Samahani nyingi humlazimisha mwenzako aanze kukubembeleza kwa jambo ambalo si kosa. Hiyo ya mwisho ni tishio, na humtaka mtu wa wiki tatu atoe ahadi ambayo hana sababu ya kuitoa. Ujumbe huu haumfungi kijana. Anaweza kuendelea kuzungumza na wengine, anaweza hata kumpata mwingine ndani ya wiki mbili hizo, na binti anapoutuma inabidi awe amelikubali hilo.

Kijana naye ana sehemu yake. Jibu zuri ni fupi: "Nimekuelewa, mitihani mema. Punda tutamkuta tarehe 26." Katikati anaweza kuandika, na aandike, ila aandike vitu visivyodai jibu. Meseji inayoishia kwa alama ya kuuliza inaacha deni kwa anayeisoma, hata kama swali ni "umekula?" Zikirundikana nne za namna hiyo, mtu anayetoka kwenye mtihani wa ukaguzi wa hesabu ataona kazi nyingine inamsubiri kwenye simu. Picha ya barabara ya Manyara asubuhi, au "leo nimewaza mtihani wako, kila la heri", inasomwa, inafurahisha na inaachwa hapo.

Wapo watakaojibu vingine. "Dakika mbili tu zinakushinda?" Au kimya kwanza, kisha saa tano usiku simu tatu mfululizo. Ningemwambia msichana au mvulana yeyote alichukulie jambo hilo kwa uzito. Umemwambia mtu tarehe, saa na sababu, na sababu yenyewe ni maisha yako ya baadaye. Kama bado anadai zaidi kabla hamjaonana ana kwa ana, amekuonyesha mapema namna atakavyozipokea zamu zako za usiku, msiba wa kwenu au mtoto wako akiugua. Jibu moja linatosha: "Nilikwambia tarehe 25." Halina haja ya kurefushwa.

Kosa linaloua ujumbe huu mara nyingi linatoka kwa aliyeutuma. Binti amesema simu ni usiku tu, halafu Jumatano mchana stetasi yake ina video sita za sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake wa chumbani. Ana haki ya kupumzika, na hakuna anayesoma saa ishirini. Lakini kijana anaona kwamba muda wa kupakia video sita ulikuwepo, na muda wa mstari mmoja haukuwepo. Siku ya namna hiyo, mstari mmoja uende kwanza: "Leo tumempumzikia mwenzetu kidogo, kesho narudi kwenye vitabu." Kisha video.

Kosa la pili ni siku ya kurudi. Mitihani imeisha Ijumaa mchana, mwili umechoka, amelala hadi Jumamosi jioni, Jumapili amekwenda kwa dada yake Kigamboni, na tarehe 26 imepita. Yote aliyoyajenga kwa ujumbe mzuri yanabomoka hapo, kwa kuwa tarehe ndiyo iliyokuwa kiini chake. Aandike Jumamosi kabla ya adhuhuri hata kama ni maneno kumi, na aanzie kwa punda. Kama ratiba imebadilika na mtihani mmoja umesogezwa hadi Jumatatu, taarifa itoke kabla tarehe ya zamani haijafika. Kusogeza mara moja kunaaminika. Ukisogeza mara tatu, mwenzako atakuwa sahihi akihesabu kwamba hutaki.

Yote haya yanawahusu watu ambao tayari wana mazoea. Kama mmechaguana jana na mmeandikiana "mambo" na "poa", ujumbe wa mistari sita ni mzigo, unamfanya mtu ajione ameingia kwenye uhusiano asioujua. Hapo mstari mmoja ndani ya mazungumzo ya kawaida unatosha: "Niko kwenye mitihani hadi tarehe 25, kwa hiyo nachelewa kujibu." Tena kuna faida: mkianza polepole, mwendo wenu wenyewe unakuwa wa polepole, na hakuna mazoea ya nusu saa ya kuvunja. Asiyetaka watu wapya kabisa anaweza kujificha. Bumble ina kitufe cha Snooze kinachoondoa wasifu wako mbele ya watu kwa muda, na Tinder inakuruhusu usionyeshwe kwa wapya huku uliokwisha chaguana nao wakiendelea kukuandikia. Bumble hasa inafaa kuzimwa mapema, maana imejulikana kwa sheria yake kwamba mkichaguana na ujumbe wa kwanza usipotumwa ndani ya saa 24, mnapoteana.

Rudi kwa wawili wetu. Mitihani imeisha, habari ya punda imemalizika, na sasa ni Agosti, msimu wa watalii umepamba moto. Zamu ni ya kijana. Anaondoka na wageni sita: Tarangire, kisha usiku nne Serengeti kutafuta nyumbu wanaovuka Mto Mara, kisha Ngorongoro na kurudi Arusha. Hali yake haifanani na ile ya binti. Binti alikuwa na simu na mtandao, akachagua kuviweka kando. Kijana atakuwa na simu, ila sehemu nyingi za hifadhini hakuna mtandao. Kwa hiyo asinakili ujumbe wa binti. Akisema "nitasoma usiku" atakuwa amedanganya bila kukusudia. Anaandika:

"Kesho alfajiri natoka na wageni, narudi Arusha Jumapili jioni. Huko ndani mtandao unashika sehemu mojamoja tu, kwa hiyo meseji zako zitakaa na tiki moja, siku mbili hata tatu. Usishtuke, zitaingia zote nikifika penye mtandao. Jumatatu niko nyumbani, nitakupigia saa mbili usiku."

Hiyo tiki moja ina sababu ya kutajwa. Kwenye WhatsApp, tiki moja ya kijivu ina maana kwamba ujumbe umetoka kwako na haujafika kwenye simu ya mwenzako. Lakini ndiyo hiyohiyo unayoiona mtu akikuzuia. Anayetazama hawezi kutofautisha hifadhi isiyo na mtandao na kuzuiwa, na siku mbili za tiki moja bila maelezo zimewaachanisha watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote. Wauguzi wa zamu kwenye zahanati za mbali, mabaharia, wanajeshi na mafundi wa minara wote wana tatizo hili, na wote wanaweza kulimaliza kwa sentensi moja.

Lazima nitaje pia upande wa giza, kwa sababu ujumbe wa "sipatikani, kazi imenibana" ni zana ya matapeli. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imekuwa ikiwaonya watu kwa miaka kuhusu wapenzi wa mtandaoni wanaodai kufanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini, jeshini nje ya nchi, au kama madaktari wa mashirika ya kimataifa. Kazi hizo huchaguliwa kwa kuwa zinaeleza kwa nini hawawezi kuonana na mtu wala kuonekana kwenye video. Kisha hufuata ombi la fedha: tiketi, matibabu, mzigo uliokwama forodhani. Ujumbe wa kweli hauombi kitu. Tarehe yake ni ya karibu, na ikifika mtu anaonekana, sauti na sura. Wa tapeli husogeza tarehe kila inapokaribia, na kila inaposogea kuna gharama inayotajwa.

Na kuna urefu ambao ujumbe huu hauwezi kuubeba. Wiki mbili za UE, siku saba za safari, wiki ya mwisho ya Juni kwa mhasibu anayefunga mwaka wa fedha wa serikali: hivyo vinabebeka. Lakini msimu mzima wa watalii, Juni hadi Oktoba, ni karibu miezi mitano. Vivyo hivyo kwa anayejiandaa na mitihani ya CPA, ambayo bodi ya wahasibu huifanyisha Mei na Novemba, huku akiwa kazini kutwa. Ukimwambia mtu wa wiki tatu asubiri miezi mitano kwa majibu ya kuchelewa, umemwambia kwamba hakuna uhusiano kwa miezi mitano. Hapo njia ni kupanga muda mmoja wa kudumu, mdogo lakini usiokosa, na kuacha meseji za kati zije zinavyokuja. Binti wetu akisajili CPA ya Novemba na kijana akiwa porini wiki tatu kati ya nne, wakubaliane Jumapili saa mbili usiku, dakika ishirini, kila Jumapili ambayo kijana yuko mjini. Kama katika miezi mitano hata dakika hizo ishirini hazipatikani, ni afadhali waambiane wazi kwamba sasa hawawezi, na Novemba mitihani ikiisha, anayetaka atamtafuta mwenzake.